Mchanga Mweusi Kwenye Kisosi

Katika mkoba wangu wa kazi, miaka ile, kulikuwa na kipande cha gambuti. Gambuti lenyewe lilikuwa langu la shamba la chai, nilikofanya kazi ya bomba miaka kumi na moja, mpaka kiwanda kilipopata mwenyewe mpya na sisi wa zamani tukaambiwa asanteni. Niliondoka na spana mbili, msumeno wa chuma na hayo magambuti. Raba yake ilikuwa nene na ngumu, na kutoka humo nilikata washa za mabomba ya nusu ya mji wa Tukuyu. Bomba likidondosha kwa mwalimu, kwa mchungaji au kwa muuza nyama, mimi nilifungua, nikatoa washa iliyoliwa, nikakata nyingine kwa kisu, nikafunga. Dakika kumi. Watu waliniheshimu kwa hilo, na mimi nilijiheshimu kupita wao.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu moja kwa kila bomba linalodondosha: raba imekwisha. Na nilikuwa na sababu moja ya raba kwisha: mtu ana mkono mzito. Kwetu kila mtu hukaza bomba. Maji yanashuka kutoka milimani kwa nguvu, washa ikichoka kidogo tu yanapenya, basi baba anakaza, mama anakaza zaidi, na mgeni anayekuja kunawa anakaza kwa mikono miwili kuonyesha kwamba amelelewa vizuri. Raba inakatika mapema. Fundi anaitwa, anasema mkono mzito, kila mtu anamtazama mwenzake, na fundi anaondoka zake akiwa hana kosa. Sikuona ubaya wa mtindo huo mpaka uliponirudia.

Ilikuwa wakati maduka yameanza kujaa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu redioni vilikuwa vimepangwa madirishani, na mtu mwenye mtaji mdogo aliweza kwenda Mbeya au Dar es Salaam akarudi na kitu ambacho hapa hakijawahi kuonekana. Mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la vitenge karibu na stendi alijenga gesti ya vyumba sita nyuma ya duka lake. Watu wote tulimwita Mama Mkubwa, ingawa alikuwa mfupi na mwembamba. Alinipa kazi ya maji. Nyuma ya jengo nilimwekea tangi la chuma juu ya jiko la kuni kwa ajili ya maji ya moto, maana mgeni anayelala Tukuyu asipopata maji ya moto asubuhi anaondoka akitukana wilaya nzima.

Mabomba ya beseni alinunua mwenyewe, miksa zenye vishikio viwili, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, na mdomo mmoja katikati. Alinunua kwa awamu mbili. Za vyumba vya kwanza vitatu zilikuwa za kuzungusha, mara mbili tatu ndipo maji yafunguke vizuri. Za vyumba vya nne, tano na sita zilifanana nazo kwa nje kama mapacha, lakini zilifunguka kwa robo mzunguko tu, tiki, zikagota. Niliona tofauti hiyo siku ya kuzifunga. Nikasema moyoni, wamezifupisha ili zivutie, nikaendelea.

Mama Mkubwa alikuwa na haraka. Wageni wa harusi walikuwa wanaingia Jumamosi, na Ijumaa mchana mimi bado nilikuwa nakata bomba za chuma kwa msumeno, nachonga uzi, nafunga maungio kwa katani na rangi. Sakafu ilikuwa imetoka kusakafiwa. Nilijua kwamba bomba jipya huoshwa kwanza, maji yaachiwe yatoke wazi kabla ya kufunga kitu mbele yake. Lakini nikiachia maji naharibu sakafu, na siku zote za washa ya gambuti sikuwahi kuona madhara ya mchanga kidogo. Raba inaumeza tu. Nikafunga miksa, nikafungua maji, yakatoka machafu kidogo kisha yakatakata. Mama Mkubwa akafurahi, harusi ikapita.

Usafi wa vyumba ulikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane kutoka Masukulu. Alipanga chumba mjini na wanawe wawili wa shule, na kazi ile ya gesti ndiyo iliyomweka mjini na ndiyo iliyowaweka wanawe darasani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akisalimiwa anaitikia, akishukuru anasema ndaga, kama tunavyosema kwa Kinyakyusa, na anarudi kwenye ndoo yake.

Hazikupita wiki nyingi chumba cha nne kikaanza kudondosha. Kikafuata cha tano, halafu cha sita. Niliitwa. Nilikuta tone linaning'inia kwenye mdomo wa bomba, linaanguka, jingine linakuja. Nikashika kishikio, nikakaza. Kiligota palepale kilipogotea siku zote na tone likaendelea kunikejeli. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo mke wangu atalithibitisha. Nilipofika chumba cha sita nikachukua plaizi, nikabana kishikio cha baridi, nikavuta kwa nguvu. Nikasikia kitu ndani kimelia tak. Kishikio kikaanza kuzunguka bila kugota popote.

Nilikirudisha taratibu, nikafuta alama za plaizi kwa kitambaa, nikatoka.

Dukani Mama Mkubwa alikuwa anampimia mteja kitenge, na wateja wengine wawili walikuwa kwenye benchi. Akaniuliza shida ni nini. Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu, "Mkono mzito, Mama. Anayesafisha anakaza mno. Cha sita amekivunja kabisa."

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe, kama yalivyokuwa yakitoka kwa miaka yote. Yule mama wa Masukulu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, amesikia kila neno. Mama Mkubwa alikunja kitenge, akamwambia bila kumtazama, "Dada, vitu hivi nimevitoa mbali. Maliza wiki hii, Jumamosi nitakupa haki yako uende."

Nilirudi nyumbani nikala vibaya. Nilijiambia kwamba labda kweli alikuwa anakaza. Kila mtu anakaza. Nilijiambia pia kwamba plaizi yangu ilimalizia tu kitu kilichokwisha kuvunjika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumamosi asubuhi nilikwenda gesti na gambuti langu, nimeamua kuvifungua vile vyumba vitatu na kuviwekea raba ngumu. Nilimkuta yule mama chumba cha nne. Mfuko wake wa safari ulikuwa umekaa tayari nje ya mlango, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Yeye alikuwa amepiga magoti anasugua chini ya beseni, kana kwamba kesho angekuja kukaguliwa.

Nilitaka apishe. Hakupisha. Aliinuka, akajifuta mikono, akaniambia, "Fundi, niangalie ninavyofunga."

Alifungua maji ya baridi, kisha akayafunga kwa kidole kidogo cha mwisho. Kidole kimoja tu. Kishikio kikaenda robo, kikagota.

"Hiki hakitaki nguvu," akasema. "Vile vya chumba cha kwanza mpaka cha tatu ndivyo vinavyotaka mkono. Nimevijua tangu siku ya kwanza. Sasa nimevunjaje?"

Nikakasirika. Nilimwambia ufundi si jambo la kidole. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza, kwa utaratibu uleule, "Na hii baridi ya kwetu, fundi, wageni wanatumia maji gani?"

"Ya moto."

"Asubuhi na jioni, ya moto. Na mimi natumia ya moto nikifua mashuka. Kama ni mkono wangu, au wao, kishikio kipi kingekwisha kwanza?"

Chini ya kila beseni nilikuwa nimeweka koki mbili ndogo za kufungia, moja ya kila upande. Nilikuwa nimeziweka kwa mikono yangu na siku ile niliyokuja na plaizi sikukumbuka kuzigusa. Nikainama, nikafunga ya moto. Tukatazama mdomo wa bomba wote wawili. Tone likaja, likaanguka, likaja jingine. Nikafungua ya moto, nikafunga ya baridi. Likaja tone moja, la pili likajikusanya, likaning'inia, likabaki hapohapo. Tukaenda chumba cha tano, ikawa vilevile. Cha sita vilevile. Ni upande wa baridi tu, vyumba vyote vitatu. Upande wa moto, unaoguswa mara nyingi kuliko mwenzake, ulikuwa mzima.

Gambuti nililokuja nalo nikaliweka chini.

"Kuna kitu kingine," akasema. Alikwenda kwenye kabati la vifaa akarudi na kisosi cha chai kilichopasuka ukingo. Ndani yake kulikuwa na mchanga mweusi, kidogo tu, kama kijiko cha chumvi. "Kila Jumatatu nafungua kile kichujio kilicho mdomoni mwa bomba, nakisugua kwa mswaki. Hiki ndicho kinachotoka. Nilikuambia siku moja, ukasema sabuni."

Nilikumbuka kusema sabuni.

Niliupitisha ule mchanga kati ya vidole. Nusu ulikuwa mchanga wa milima yetu, ule wa mawe ya moto ya zamani, unaokwaruza. Nusu nyingine iling'aa ukiuweka kwenye mwanga wa dirisha. Vile vilikuwa vipande vya chuma, chenga za msumeno wangu. Na kulikuwa na uzi mmoja wa katani, una rangi yangu nyekundu bado.

Nikafungua kishikio cha baridi cha chumba cha nne, nikakitoa kile kitu cha ndani kwa spana. Nilitegemea kuona mguu wenye washa mwishoni. Washa haikuwepo. Kilikuwa kijigamba cha shaba, na chini yake pete laini ya raba, na nilipokibinua zikanitelezea kiganjani sahani mbili ndogo nyeupe, ngumu kama kikombe cha udongo wa kuchoma, zimelainishwa mpaka zinagandana zenyewe zikilowa. Kila moja ilikuwa na tundu. Nikazigeuzageuza. Nikaelewa nikiwa nimesimama pale pale: ukizungusha robo, tundu linakutana na tundu, maji yanapita, ukirudisha robo, sehemu isiyo na tundu ya moja inaziba tundu la nyingine. Hakuna kinachokandamizwa. Hakuna cha kukaza. Kinachozuia maji ni ule ulaini tu wa sahani juu ya sahani.

Na sahani zile zilikuwa na mikwaruzo. Mitatu, ya mviringo, unaihisi kwa ukucha. Chembe moja ya chuma ilikuwa bado imekwama ukingoni. Raba ingeimeza. Hizi hazikujua kumeza.

Upande wa moto ulipona kwa sababu maji yake yalipitia tangi la nyuma, na uchafu ulitua chini ya tangi kabla ya kufika bombani. Ili niwe na hakika nilifunga koki zote, nikachukua kile kigamba kizima cha moto nikakiweka mahali pa baridi. Kilifunguka kinyume, maana vya kulia na kushoto havifanani, lakini kilipofungwa tone lilikoma. Yule mama aliangalia yote hayo akiwa ameshika kisosi chake, haoni haya wala hafurahii. Laiti angenitukana.

Nilivaa koti, nikabeba kisosi na zile sahani mbili, nikamwambia twende dukani.

Wateja walikuwapo, si walewale lakini walitosha. Nilikuwa nimemsema mbele ya watu, nikaona siwezi kwenda kumtetea pembeni pasipo watu. Nikaweka kisosi juu ya meza ya kupimia vitenge.

"Mama," nikasema, "huyu dada hakuvunja kitu. Mchanga huu ni wa kwangu. Sikuosha bomba kabla ya kufunga miksa, na chenga zangu zimekwaruza hizi. Na kile cha chumba cha sita nilikivunja mimi kwa plaizi, nikanyamaza."

Mama Mkubwa aliitazama ile rangi nyekundu kwenye uzi wa katani. Alikuwa ameinunua mwenyewe. Aliuweka mkasi mezani, na mimi niliogopa kuliko siku ile tulipoitwa kiwandani kuambiwa asanteni.

"Fundi, siku ile ulikuwa na uhakika vilevile," akasema. "Leo una hadithi nyingine. Dada, usiende kwanza. Mpaka Jumatano. Maji yakikoma nitajua fundi amesema kweli leo. Yasipokoma, mtaondoka wote wawili."

Hakukuwa na la kubishana. Yule mama alirudi nyuma akauchukua mfuko wake kutoka mlangoni mwa chumba cha nne, lakini hakuufungua. Aliuweka kwenye kabati la vifaa, umefungwa vilevile.

Jumatatu nilipanda gari la Mbeya, kigamba cha baridi kimezungushiwa gazeti mfukoni. Nilizunguka sokoni Mwanjelwa mpaka miguu ikauma. Duka moja walikuwa na kinachofanana lakini meno ya kichwa ni machache, kishikio kisingekaa. Kingine meno sawa lakini mwili mrefu. Mzee mmoja wa duka la vifaa alikiweka changu kando ya chake, akahesabu meno, akapima urefu kwa kidole gumba, kisha akavizungusha vyote viwili kuona vinafungia upande gani. "Wengi wananunua vya moto wanapeleka baridi, halafu wanarudi kunigombeza," akasema. Nikamwambia hilo nimeshalijua, sikumwambia nimelijuaje. Nikachukua vitatu.

Jumatano nilifika mapema, na nikaanza na nililopaswa kuanza nalo. Nilifungua zile bomba kwenye beseni, nikazielekeza kwenye ndoo, nikaachia maji yapige kwa nguvu. Yule mama alileta kitambaa cheupe, foronya ya mto iliyochanika, akakitandika juu ya ndoo kama chujio la maziwa. Mchanga mweusi ulibaki juu yake. Tukamwaga, tukaosha, tukaachia tena. Nilisema sasa inatosha. Akasema bado. Nikasema inatosha. Akaniinulia kitambaa, kulikuwa na chembe mbili. Tukaachia tena. Alikataa mara nne, na mara ya tano kitambaa kilitoka cheupe, akasema, "Sasa funga."

Nikafunga kwa mkono mwepesi ambao sikuwahi kuutumia maishani. Chumba cha nne, cha tano, cha sita. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata adabu, nikapita na jikoni, ambako miksa ya mpini mmoja ilikuwa inalowana shingoni. Zamani ningesema nayo inadondosha, yaleyale. Safari hii niliangalia kwanza. Mdomo ulikuwa mkavu ikiwa imefungwa. Maji yalichuruzika chini ya mpini wakati imefunguliwa tu. Hiyo si kazi ya sahani, ni ya pale inapokazwa. Nikatoa mpini kwa alenki, kile kifunguo kidogo cha pembe sita, nikakuta pete ya shaba iliyobana kile kigamba imelegea. Nikaikaza kiasi, nikajaribu, pakakauka.

Halafu tukamwita Mama Mkubwa.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha sita, mikono nyuma. Yule mama wa Masukulu alifungua maji ya baridi, yakatiririka, akayafunga kwa kidole kidogo cha mwisho. Tone likaanguka. Likaanguka la pili. La tatu. Nikapeleka mkono kwenye kishikio, nikaze, miaka yote ya gambuti ikiwa imenirudia vidoleni.

Yule mama wa Masukulu akanipiga kofi dogo mkononi. "Acha," akasema. "Hayo ni yaliyobaki mdomoni. Subiri."

La nne lilichelewa. La tano lilijikusanya polepole, likaanguka. Akakunja kile kitambaa cheupe sehemu kavu, akakitandika chini ya mdomo wa bomba, akarudi nyuma. Tukasimama watu watatu tunatazama kitambaa. Nje gari la Kyela lilipiga honi, likapakia watu, likaondoka. Hakuna kilichoanguka. Mama Mkubwa alisogea, akakigusa kitambaa kwa kiganja chote, akakigeuza, akakigusa upande wa pili.

"Kikavu," akasema.

Alimtazama yule mama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani. "Dada, nisamehe," akasema. Halafu, kama mtu aliyeona aibu kusema hilo mbele yangu, akaongeza haraka, "Kesho saa moja, usichelewe. Kuna wageni wa Kyela."

Akatoka. Yule mama alikwenda kwenye kabati la vifaa, akatoa mfuko wake, akakaa kitako sakafuni na kuanza kuifungua ile kamba ya mgomba. Fundo lilikuwa limekauka. Nilitaka kumsaidia kwa kisu changu cha kukatia washa, akatikisa kichwa, akalifungua kwa vidole, taratibu, mpaka likaachia.

"Ndaga, fundi," akasema.

Mimi ndiye niliyestahili kulisema neno hilo, na nilichelewa.